Kaunta ya upepo inayoganda ilhali ripoti ya muda ni safi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa tatu hapa Dodoma. Nimetengeneza kipima upepo: vikombe vinazungusha sumaku, sensa inatoa pigo moja kila mzunguko, na FPGA yenye saa ya megahezi 50 inahesabu. Simulesheni ni safi na ripoti ya muda haina kosa hata moja. Nikiiweka mbele ya feni, mapigo matatu kwa sekunde, baada ya nusu dakika hivi inaganda mpaka nibonyeze reseti. Nimeshusha saa hadi megahezi 25, ikawa inakaa kama dakika moja, kisha inaganda vilevile. Nilipoongeza taa moja na kukompaili upya ikaacha kuganda, ila ikaanza kuhesabu baadhi ya mapigo mara mbili. Msimamizi wangu anasema ni metastabiliti. Ni kweli? Na kama setapu na holdi zimetimia, hiyo metastabiliti inatoka wapi?

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako amegusa mahali penyewe, yaani ule waya wa sensa. Lakini kinachogandisha mashine yako, kwa dalili ulizozitaja, karibu hakika si metastabiliti yenyewe. Ni ndugu yake wa karibu, na huyu ndugu ana nguvu kuliko yeye. Dawa yao inafanana, ndiyo maana watu wengi huwachanganya, wanaweka dawa, tatizo linaisha, na hawajui ni lipi waliloponya. Wewe umepata bahati ya kuwa na dalili zinazowatenganisha, kwa hiyo twende nazo taratibu.

Tuanze na ripoti. Haikudanganyi. Imekagua kila njia inayotoka kwenye flipuflopu moja na kuishia kwenye nyingine, zote zikifuata saa ileile, na katika kila njia imeuliza maswali mawili.

Swali la kwanza ni la setapu. Ukingo wa saa unapopanda, flipuflopu ya kwanza inachukua, tuseme, nusu nanosekunde kutoa thamani yake mpya. Thamani hiyo inapita kwenye mageti na nyaya, tuseme nanosekunde 9. Flipuflopu inayopokea inataka data iwe imetulia nanosekunde 0.1 kabla ya ukingo unaofuata. Jumla ni 9.6. Saa yako ya megahezi 50 ina kipindi cha nanosekunde 20, kwa hiyo umebakiwa na 10.4, na hiyo ndiyo namba unayoiona kwenye safu iliyoandikwa `slack`. Ingekuwa hasi, ungepunguza kasi ya saa au ungekata ile kazi ya mageti vipande viwili na kuweka flipuflopu katikati.

Swali la pili ni la holdi, na hapa wanafunzi wengi huteleza kwa sababu wanadhani ni setapu iliyogeuzwa tu. Holdi inahusu ukingo uleule mmoja. Ukingo unapofika kwa flipuflopu zote mbili, ya kwanza inaanza kutoa data mpya huku ya pili bado inafunga mlango juu ya data ya zamani. Kama data mpya inafika baada ya nanosekunde 0.8, na mlango unahitaji nanosekunde 0.1 kufungwa, hakuna shida. Lakini pitisha saa ya flipuflopu ya pili kwenye geti, iichelewe ya kwanza kwa nanosekunde moja, uone: data mpya inafika kwenye 0.8 wakati mlango unafungwa kwenye 1.1. Data imewahi mlango, na biti moja imeruka flipuflopu mbili kwa ukingo mmoja. Angalia kwamba kipindi cha saa hakimo popote katika hesabu hii. Shusha saa hadi hezi moja, kosa litabaki palepale. Ndiyo sababu kwenye FPGA tunasisitiza saa isipitishwe kwenye mageti ya kawaida, itumie njia yake maalumu ambayo huwafikia wote karibu kwa wakati mmoja.

Sasa rudi kwenye jaribio lako la megahezi 25, maana ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote uliyofanya. Kosa la setapu, ukiongeza kipindi mara mbili, kwa kawaida hupotea kabisa, kwa sababu njia iliyokosa nanosekunde mbili sasa imepewa ishirini za ziada. Kosa la holdi lisingejali chochote, lingeendelea kwa kiwango kilekile cha makosa kwa kila pigo. La kwako halikupotea wala halikubaki vilevile: lilipungua kwa nusu. Nusu dakika ikawa dakika. Hiyo ni alama ya jambo la bahati nasibu ambalo nafasi yake inategemea kuna kingo ngapi za saa ndani ya sekunde. Ukitaka uhakika zaidi, ongeza kasi ya feni. Mapigo yakiwa mengi, inapaswa kuganda mapema kwa uwiano huohuo.

Bahati nasibu hiyo inaingilia kwenye waya wa sensa. Sumaku haijui saa ya bodi yako. Pigo linaweza kupanda wakati wowote ndani ya zile nanosekunde 20, na ripoti ya muda haikuweza kulikagua kwa sababu hakuna mtu aliyeiambia pigo linafika lini, na hakuna anayeweza kuiambia. Njia ile haikufaulu mtihani; haikufanya mtihani.

Hii ndiyo sehemu ya msimbo uliyonitumia:

```verilog
// SUBIRI=3'b001  HESABU=3'b010  ACHIA=3'b100
case (hali)
  SUBIRI: if (pigo)  hali <= HESABU;
  HESABU:            hali <= ACHIA;
  ACHIA:  if (!pigo) hali <= SUBIRI;
endcase
```

Wewe unaisoma kama sentensi: ukiona pigo, nenda HESABU. Bodi haina sentensi. Ina flipuflopu tatu, kila moja na mageti yake, na kila moja inajiamulia. Kutoka SUBIRI kwenda HESABU, flipuflopu ya biti 0 lazima izime na ya biti 1 lazima iwake. Zote mbili zinautazama waya wa `pigo`, lakini waya huo unazifikia kwa njia mbili tofauti ndani ya chipu, na njia mbili haziwi na urefu mmoja.

Tuseme pigo linafika kwa biti 0 nanosekunde 0.2 kabla ya kufika kwa biti 1. Mara nyingi haina madhara. Lakini ukingo wa saa ukitua ndani ya hizo nanosekunde 0.2, biti 0 inaona pigo limekuja na inazima, biti 1 bado inaona waya wa zamani na inabaki imezima. Hali yako sasa ni `000`. Hakuna hata tawi moja la `case` linalolingana nayo, kwa hiyo hakuna kinachobadilika tena. Imeganda.

Piga hesabu uone kama inalingana na ulichokiona. Nanosekunde 0.2 katika 20 ni pigo moja kati ya 100. Kwa mapigo matatu kwa sekunde, mapigo 100 ni sekunde 33. Nusu dakika! Kwa megahezi 25 kipindi ni nanosekunde 40, inakuwa pigo moja kati ya 200, zaidi kidogo ya dakika. Sikuipima hiyo 0.2 kwenye bodi yako, nimeipata kwa kurudi nyuma kutoka kwenye nusu dakika yako. Ila ni tofauti ya kawaida kabisa kwa njia mbili ndani ya FPGA, na ingeweza kuwa kubwa zaidi.

Na ile taa uliyoongeza? Ulipokompaili upya, zana ilipanga upya flipuflopu na nyaya. Safari hii njia ya biti 1 ikawa fupi. Sasa ukingo ukitua katikati, biti 1 inawaka lakini biti 0 haijazima: `011`. Ifuatilie kwa kalamu. Kwenye `011` biti ya HESABU ipo juu, kaunta inaongeza moja. Kwenye ukingo unaofuata biti 0 bado ndiyo imeiruhusu biti 1 kuwaka tena, na biti 1 ya zamani imewasha biti 2, kwa hiyo unapata `110`. Biti ya HESABU bado ipo juu, kaunta inaongeza tena. Kisha unaingia `100` na mashine inaendelea kama hakuna kilichotokea. Pigo moja, hesabu mbili. Ninachukulia kwamba zana iliacha hali zako kama ulivyoziandika, biti moja kwa kila hali, na ndivyo FPGA nyingi hufanya kwa mashine ndogo kama hii.

Hakuna flipuflopu hata moja iliyoning'inia katika simulizi hii yote. Kila moja ilitoa sifuri safi au moja safi. Kosa ni kwamba mbili ziliulizwa swali moja kwa wakati uleule na zikajibu tofauti. Ndiyo maana nimesema si metastabiliti yenyewe.

Sasa tuiendee yenyewe, kwa sababu ipo, na ukimaliza kumfukuza ndugu huyu ndiyo itakayobaki.

Ndani ya flipuflopu thamani hushikiliwa na mageti mawili ya kugeuza yaliyofungwa mduara: la kwanza linalilisha la pili, la pili linalilisha la kwanza. Mduara huu una mahali pawili pa kutulia, sifuri na moja. Lakini upo pia wa tatu, katikati, ambapo ingizo la kila geti ni sawa na tokeo lake, karibu na nusu ya volti ya umeme wa chipu. Ukiuweka mduara hapo barabara, haujui uende upande gani. Ni kama chungwa lililowekwa kwenye mgongo wa mojawapo ya majabali ya mviringo yaliyotapakaa hapa Dodoma: linaweza kusimama pale juu, lakini likisogea hata unywele litaporomoka, na kadiri linavyosogea ndivyo linavyoongeza mwendo.

Muda wa setapu na wa holdi ni uzio uliozungushwa mahali hapo pa katikati. Ukiheshimu uzio, mduara unakabidhiwa volti iliyo mbali na katikati na unaamua ndani ya muda ulioahidiwa na mtengenezaji. Data ikibadilika ndani ya uzio, mlango unaweza kufungwa wakati volti ipo njiani, na mduara ukaanzia karibu na katikati. Nasema unaweza. Mara nyingi ukivunja uzio utapata tu thamani ya zamani au mpya kama kawaida. Uzio ni mpana kwa makusudi, kwa ajili ya joto, volti na tofauti za chipu na chipu. Eneo lenye hatari ya kweli ndani yake ni dogo mno.

Jambo la kulielewa vizuri ni jinsi mduara unavyotoka katikati. Umbali wake kutoka katikati unakua kwa kuzidishwa. Kila unapopita muda fulani mdogo unaoandikwa τ, umbali unazidishwa kwa 2.7 hivi. Chukua τ ya nanosekunde 0.1 kama mfano. Mduara ukianza mikrovolti moja kutoka katikati, unahitaji kuzidishwa mara milioni kufika volti moja, na hiyo ni takriban τ 14, yaani nanosekunde 1.4. Ili ukae hadi nanosekunde 2.1, yaani nusu tena ya muda ule, lazima uwe umeanza nanovolti moja kutoka katikati, karibu zaidi mara 1000. Kwa hiyo kuchelewa kidogo ni jambo la kawaida, na kuchelewa sana ni adimu kupita kiasi. Lakini hakuna mpaka unaoweza kusema hapa ndipo mwisho, baada ya hapa lazima iwe imeamua. Mwaka 1973 Thomas Chaney na Charles Molnar wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichapisha picha za oskiloskopu zikionyesha flipuflopu zikisuasua hivyo, wakati wabunifu wengi walikuwa hawaamini kwamba jambo hilo hutokea.

Usitegemee kuona volti ya nusu ikining'inia kwenye pini ya nje, kwa njia. Flipuflopu nyingi za leo zina geti la kutolea linaloficha katikati. Unachokiona ni tokeo lililochelewa: lilipaswa kutoka baada ya nusu nanosekunde, limetoka baada ya mbili. Likichelewa hivyo, mageti na flipuflopu zinazofuata zinafikiwa na mabadiliko karibu na ukingo wao, na baadhi zinasoma la zamani, nyingine jipya. Unarudi kwenye `000` kwa mlango wa nyuma.

Kwa kuwa umbali unakua kwa kuzidishwa, nafasi ya kushindwa inapungua kwa kugawanywa, na hapo ndipo tunapopata hesabu inayotumika kazini:

```
MTBF = e^(tr/τ) / (Tw × fc × fd)
```

Sehemu ya chini inaeleza ni mara ngapi kwa sekunde mduara unaanza katika eneo la hatari: upana wa dirisha `Tw`, mara masafa ya saa `fc`, mara idadi ya mabadiliko ya data kwa sekunde `fd`. Sehemu ya juu ni muda wa ziada, `tr`, ambao umeuachia mduara uamue kabla hajaja mtu kuusoma. Jibu ni wastani wa sekunde kati ya kushindwa kumoja na kunakofuata.

Feni yako ni mteja mpole mno kwa hesabu hii, kwa hiyo tuchukue kazi nzito zaidi, kwa namba za mfano: saa ya megahezi 200, mabadiliko 1000 kwa sekunde, dirisha la nanosekunde 0.1, na τ ileile ya 0.1. Zidisha sehemu ya chini, unapata 20. Yaani mara 20 kila sekunde flipuflopu inaingia mashakani. Kipindi cha saa ni nanosekunde 5. Kama mageti yaliyofuata yamekula muda na kubakiza nanosekunde moja tu, e^10 ni kama 22,000. Gawanya kwa 20, inashindwa kila dakika 18. Bakiza nanosekunde mbili, e^20 ni kama milioni 485, na sasa ni takriban siku 281. Nanosekunde moja imetutoa dakika 18 hadi miezi tisa. Usifurahi mapema, maana ukiuza vifaa 1000 vya aina hiyo, kila siku vitatu au vinne vitashindwa mahali fulani. Sasa ondoa mageti yote, weka flipuflopu ya pili ikiisoma ya kwanza moja kwa moja, ubakize nanosekunde 4.5. e^45 ukiigawanya kwa 20 inakupa zaidi ya miaka bilioni 50.

Hiyo ndiyo kazi yote ya flipuflopu mbili. Ya pili haiponyi ya kwanza, wala haina uwezo wowote maalumu. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba kwa karibu kipindi kizima cha saa hakuna anayeitazama ya kwanza. Kinachoponya ni kusubiri.

Kwenye bodi yako iandike hivi, kisha ndani ya `case` tumia `pigo_safi` peke yake:

```verilog
(* ASYNC_REG = "TRUE" *) reg s1, s2;
always @(posedge clk) begin
  s1 <= pigo;
  s2 <= s1;
end
wire pigo_safi = s2;
```

Sasa ndugu wote wawili wamefungiwa nje. Waya wa sensa unasomwa na flipuflopu moja tu, `s1`, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye. Ikiona la zamani badala ya jipya, mashine nzima inalipata pigo kipindi kimoja baadaye, na nanosekunde 20 za kuchelewa si kitu kwa upepo. Mduara wa `s1` ukisuasua, una karibu nanosekunde 19 za kujiamulia. Ile alama ya `ASYNC_REG`, kwa wanaotumia Vivado, inaiambia zana iziweke flipuflopu hizo jirani na isizichezee. Bila kuiambia, zana inaweza kuziweka mbali na waya ukala ule muda ulioununua. Kwenye faili la masharti ongeza `set_false_path -from [get_ports pigo]`, ili zana isihangaike kukagua njia isiyokagulika. Iweke kwenye waya huo tu. Nimeona watu wakiitumia kunyamazisha makosa ya kweli ya setapu, na hapo umeizima kengele huku nyumba inaungua.

Kuna njia tatu za kuiharibu dawa hii, na zote huonekana nzuri machoni. Ya kwanza ni kuweka mageti kati ya `s1` na `s2`. Hayo yanakula `tr`. Ya pili ni kuusafisha waya huohuo mahali pawili, mara moja kwa ajili ya kaunta na mara nyingine kwa ajili ya taa. Jozi mbili zinaweza kutofautiana kwa kipindi kimoja, na umerudisha ubishi uliokuwa umeufukuza. Ya tatu, iliyo mbaya zaidi, ni kusafirisha namba nzima ya biti nane kati ya saa mbili kwa kuweka flipuflopu mbili kwa kila biti. Namba ikitoka 0111 kwenda 1000, biti nne zinabadilika pamoja, kila jozi inajiamulia yake, na upande wa pili unaweza kusoma namba ambayo haijawahi kuwapo. Kwa namba unahitaji msimbo wa Gray, ambamo biti moja tu hubadilika kwa kila hatua, au makubaliano ya kupeana ishara: nimeweka, nimechukua.

Utajaribiwa kuongeza tawi la `default` linalorudisha SUBIRI na kuacha waya kama ulivyo. Litumie kama mkanda wa usalama ukipenda, lakini halihesabu pigo lililopotea, na zana nyingi zikiona hali `000` haifikiki kwa mantiki ya msimbo wako huliondoa tawi hilo kimyakimya. Kwa sababu hiyohiyo, ukiweka taa ya kukuonyesha `hali == 3'b000` inaweza isiwake kamwe hata mashine ikiwa imeganda. Kwenye Vivado weka `(* fsm_encoding = "none" *)` juu ya `hali` kabla ya kuiamini taa hiyo.

Simulesheni yako ilikuwa safi kwa sababu ndani yake waya hauna urefu: `pigo` linabadilika kwa flipuflopu zote kwa wakati uleule kabisa. Hata simulesheni yenye ucheleweshaji wa mageti haitakuonyesha kusuasua. Itakupa `X` pale uzio unapovunjwa na kuieneza kila mahali. Kwa hiyo kipimo chako ni bodi. Fanya majaribio mawili mbele ya feni kwa kasi ileile, kwanza bila `s1` na `s2`, kisha nazo, na kila mara iache ipite mapigo elfu kadhaa. Bila hizo unatarajia kosa moja kwa kila mapigo 100. Ukiwa nazo usione hata moja. Likitokea hata moja, usilaumu metastabiliti. Angalia umbo la pigo kwa oskiloskopu. Sensa nyingi za sumaku zinategemea rezista ya kuvuta juu, na rezista kubwa pamoja na waya mrefu hufanya pigo lipande polepole, likivuka kizingiti mara mbili tatu kwa sababu ya kelele. Hayo ni mapigo ya kweli kwa FPGA, na flipuflopu mbili zitayapitisha yote kwa uaminifu. Geti la Shimiti, kama 74HC14 inayolishwa volti 3.3, linamaliza shida hiyo.

Halafu tazama kitufe chako cha reseti. Nacho hakijui saa. Kukibonyeza hakuna hatari, kwa kuwa reseti inazilazimisha flipuflopu zote. Hatari ipo unapokiachia. Ukikiachia karibu na ukingo wa saa, wakati pigo lipo juu, flipuflopu moja inaweza kuanza kazi kipindi kimoja kabla ya mwenzake, na mashine ikazaliwa tayari ipo kwenye `000`. Ukishamaliza na sensa, pitisha kuachiwa kwa reseti kwenye jozi ya flipuflopu kama ile, ukiacha kubonyezwa kwake kufanye kazi papo hapo.